Anataka nimsomee namba sita ili pensheni isisimame

Kwako mshauri,

Mimi ni mwalimu mstaafu, niko Nansio, Ukerewe. Nilistaafu 2016 na pensheni yangu inaingia benki kila mwezi. Jumanne asubuhi kijana alinipigia, akaniamkia vizuri kabisa, akanitajia majina yangu matatu na shule niliyostaafia. Alisema anatoka kwenye mfuko wa pensheni, kitengo cha uhakiki, na kwamba faili langu la PSPF halikuhamishiwa PSSSF, kwa hiyo mwezi huu pensheni inasimama. Nichague: nipande meli kwenda Mwanza na vyeti vyangu vyote, au anihakiki kwa simu kwa ada ya shilingi 38,500. Nikapiga hesabu ya nauli, chakula na kulala, nikaona heri nilipe. Akanitumia namba kwa meseji. Wakati wa kutuma lilitokea jina la mwanamke. Nilipomuuliza, akasema huyo ni mhasibu wetu.

Baadaye akataka namba ya akaunti, kisha namba za kwenye kadi ya ATM, za mbele na za nyuma. Macho yangu hayaoni vizuri, mjukuu akanisomea nikaziandika nyuma ya daftari lake la hesabu, ndipo nikamtajia. Akasema itaingia meseji yenye namba sita, nimsomee haraka kabla mfumo haujafunga. Meseji ikaingia kweli, ila simu ikaisha chaji. Nilipoiwasha jioni nikakuta amepiga mara kumi na moja. Mjukuu ananikataza. Mimi naogopa, maana pensheni hiyo ndiyo inayonilisha. Nimsomee au niache? Na hela yangu itarudi?

Mwalimu mstaafu, Nansio

Shikamoo Mama Mwalimu,

Usimsomee. Hilo nilikujibu usiku uleule ulioniandikia, kwa mstari mmoja, nikakuomba na kadi uifunge kabla ya kulala. Asubuhi ukanijulisha kwamba umepiga benki na kadi imefungwa. Sasa tuzungumze taratibu, kwa sababu najua hofu yako bado iko palepale: kadi imefungwa, lakini hakuna aliyekuhakikishia kwamba pensheni yenyewe iko salama.

Basi tuanze na pensheni. PSPF, LAPF, GEPF na PPF ziliunganishwa mwaka 2018 kuwa PSSSF, na mfuko huo ukaanza kazi Agosti mwaka uleule. Wastaafu wa mifuko ya zamani walipokelewa na mfuko mpya wakiwa tayari kwenye orodha ya malipo. Wewe ulikuwa mmoja wao. Kama faili lako lilisahaulika njiani, nani amekuwa akikuwekea hela benki tangu mwaka huo hadi mwezi uliopita? Faili lililopotea halilipi. Ukimkuta mwenzako wa rika lako sokoni Nansio, muulize swali hilohilo, maana simu hizi hazipigwi kwa mtu mmoja. Aliyekupigia Jumanne amepiga kwa wengi, na kila mmoja amemwambia faili ni lake peke yake.

Ila nisimdharau huyo kijana. Uongo wake ameutegemeza juu ya kweli mbili, ndiyo maana hata mwalimu wa miaka mingi akaingia. Kweli ya kwanza ni kwamba uhakiki upo. Mfuko unalazimika kujua kwamba anayelipwa bado yu hai, asije marehemu akaendelea kupokea mshahara wa kaburini huku mtu mwingine akienda na kadi yake kwenye mashine. Mstaafu asiyehakikiwa katika muda uliowekwa husitishiwa malipo mpaka ajitokeze. Kweli ya pili ni kwamba uhakiki siku hizi unafanyika hata kwa simu. Mfuko una programu ya simu janja inayoitwa PSSSF Kiganjani, na mstaafu anaweza kujihakiki humo akiwa nyumbani kwake. Kwa hiyo mtu akikuambia "nitakuhakiki kwa simu", maneno hayo umeshayasikia redioni, yanakaa sikioni kama kitu unachokijua.

Tofauti iko mahali pamoja tu, na ukiishika hiyo huhitaji kushika nyingine. Kwenye uhakiki wa kweli anayeifungua simu ni wewe, unaingia wewe, unajitambulisha wewe, na hakuna binadamu upande wa pili anayekusubiri umtajie kitu. Kinachotafutwa pale ni uhai wako. Sasa jiulize, Mwalimu, namba zilizochapwa kwenye kadi ya ATM zinathibitisha uhai wa nani? Marehemu naye huacha kadi kabatini. Mtu anayedai kuhakiki kama u hai, kisha anakuuliza kuhusu kadi, ameshakuambia mwenyewe anachokitafuta.

Ada nayo haipo. Uhakiki ni bure, ukienda ofisini au ukijihakiki mwenyewe. Tena hata kwa malipo ambayo serikali inatoza kihalali, utaratibu wake unaujua: unapewa namba ya kumbukumbu ya malipo, hiyo watu wanayoiita kontro namba, yenye tarakimu 12, kwa kawaida ikianza na 99. Kabla hujaweka namba yako ya siri, skrini inakuonyesha unamlipa nani. Wewe ulionyeshwa jina la mwanamke usiyemjua, ukauliza. Swali lilikuwa sahihi kabisa. Bahati mbaya jibu la "mhasibu wetu" wanalo midomoni siku zote, kwa sababu kila anayetapeliwa huuliza hapohapo. Mhasibu wa taasisi ya umma hapokei fedha za watu kwenye laini yake. Akifanya hivyo hana kazi kesho.

Nikuongezee kimoja kuhusu hizo kontro namba, maana nilikiona kwa jirani yangu hapa Buhongwa mwaka jana. Yeye alikuwa mjanja, akamwambia tapeli: mimi silipi kwenye laini ya mtu, nipe kontro namba. Akapewa, halisi kabisa, ya tarakimu kumi na mbili. Mzee akalipa huku anachekelea kwamba amewaweza. Ilikuwa ni deni la mtu mwingine asiyemfahamu, lisilohusiana na pensheni hata chembe. Tapeli alimfanya mzee amlipie mtu madeni yake. Kwa hiyo kontro namba pekee haitoshi. Soma malipo ni ya nini, na kama ni ya uhakiki, rudi kwenye neno la mwanzo: hayapo.

Ili ulale usingizi, fanya hivi. Tafuta barua yoyote ya mfuko uliyonayo, au kitambulisho chako cha ustaafu, utumie mawasiliano yaliyoandikwa humo. Ukikosa, mjukuu afungue tovuti ya mfuko, psssf.go.tz, achukue namba ya simu humo. Usitumie namba aliyokupa kijana, wala namba atakayokutumia "bosi wake". Ukipokelewa, uliza maneno haya: "Uhakiki wangu wa mwisho unaonekana lini, na unaofuata ni lini?" Basi. Afisa wa kweli atakuomba ujitambulishe ili asitoe habari zako kwa mtu mwingine, na hilo ni sawa, lakini hatagusa kadi wala namba ya siri. Namba ya akaunti yako anayo, maana ndiyo anayoilipa kila mwezi. Siku ukitaka kubadilisha akaunti, wewe ndiye utakayekwenda na maandishi na kitambulisho chako. Mfuko haukupigii kukuuliza unakulipa wapi.

Kama ukiambiwa kwamba muda wako umekaribia, una njia mbili. Mjukuu ana simu janja? Basi apakue PSSSF Kiganjani dukani kwenye simu yenyewe, Play Store, kwa kuandika jina hilo. Asipakue kwa kubonyeza kiungo kilichotumwa WhatsApp, hata kama kimetumwa na mwalimu mwenzako mliyefundisha naye miaka ishirini, kwa kuwa yeye naye ametumiwa. Kiungo kama hicho kinaweza kushusha programu nyingine yenye nembo ileile, kazi yake kusoma meseji zako za benki. Ukiona simu janja inakusumbua, usilazimishe. Panda meli siku unayokwenda Mwanza kwa jambo lingine, upitie ofisini. Safari hiyo haiwezi kuwa ya kesho asubuhi. Uhakiki una muda wake unaotangazwa, hauji kwa mtu mmoja siku ya Jumanne na kwisha saa sita mchana. Na hata malipo yakisitishwa kwa kuchelewa, yanarudi ukishahakikiwa. Kuchelewa kunauma, nakubali, ila si kufutwa.

Sasa tuje kwenye ulichomtajia, kwa sababu barua zinazonijia zinachanganya hapa, na woga unakwenda mahali pasipo pake. Nilikaa kaunta ya benki miaka kumi na tisa kabla sijaanza kuandika, na nimeona wazee wakilia kwa sababu wametaja namba ya akaunti, huku wengine wametaja tarakimu sita wakidhani si kitu.

Namba ya akaunti peke yake ni tundu la sanduku la sadaka. Kila mtu kanisani anaweza kutumbukiza, hata mgeni. Ufunguo uko kwa mhazini. Mtu akiwa na namba hiyo tu anaweza kukuwekea hela, kukutolea hawezi. Usihangaike kufungua akaunti mpya kwa ajili hiyo. Utaanza mchakato wa kubadilisha akaunti kule kwenye mfuko, na katikati ya mchakato huo ndipo pensheni inaweza kweli kuchelewa.

Kadi ni jambo jingine. Zile namba kumi na sita, mwezi na mwaka wa kwisha muda, na zile tatu za nyuma, zikikaa pamoja ndizo mtu anazojaza anaponunua kitu mtandaoni. Hahitaji kadi mkononi, na maduka mengine ya mtandaoni hayaulizi namba ya siri. Wezi wa aina hii mara nyingi hujaribu kwanza manunuzi madogo, kiasi ambacho mwenye akaunti hawezi kukishtukia, wakiona kimepita ndipo wanarudi na kikubwa. Ndiyo sababu nilikusumbua usiku. Kadi ikishafungwa, namba ulizomtajia zimebaki tarakimu tupu. Omba kadi mpya, itakuja na namba nyingine. Wakati unaisubiri, pensheni itaingia kama kawaida, maana inaingia kwenye akaunti, na kadi ni njia moja tu ya kuitoa. Utachukua kaunta kwa kitambulisho.

Kuna kitu kimoja nataka ukifanye ukiwa umevaa miwani, au mjukuu akusaidie. Ifungue tena ile meseji ya namba sita, usiifute, uisome yote tangu mwanzo. Watu wengi huangalia tarakimu tu. Maneno yanayozizunguka ndiyo yanayosema kijana alikuwa anafanya nini dakika ile. Ikitaja kiasi cha fedha na jina la duka, alikuwa ananunua kitu kwa kadi yako, na benki ilikuwa inakuuliza wewe kama unakubali. Ikisema ni ya kujisajili au kuwezesha huduma ya benki kwenye simu, basi alikuwa anaifungua akaunti yako ndani ya simu yake, na hilo ni baya zaidi. Akishafungua, hana haraka. Ataona salio, atatulia, atasubiri siku pensheni inapoingia, ahamishe kabla hujaamka kwenda kwa wakala. Wazee wengi wanaotapeliwa hivyo hawaunganishi kabisa ile simu ya wiki mbili nyuma na akaunti iliyokauka leo.

Na karibu kila meseji ya namna hiyo ina mstari unaosema usimpe mtu namba hii, hata mfanyakazi wa benki. Kijana anajua mstari huo upo. Ndiyo maana aliipanga haraka, kwamba mfumo unafunga, ili usome tarakimu uache maneno. Hakuna mfumo unaofunga. Tarakimu hizo ndizo zinazokwisha muda baada ya dakika chache, na mwenye shida na dakika hizo ni yeye. Angalia mara ngapi amepiga simu ikiwa imezimwa. Afisa gani wa serikali anakupigia mara kumi na moja kwa mchana mmoja? Mimi wa kwangu nampigia mara kumi na moja hapokei.

Kesho nenda tawini pale Nansio na meseji hiyo. Ukifika kaunta usianze kwa kusema "nimetapeliwa", kwa sababu watakusikitikia kwanza na foleni itaanza kunong'ona. Sema hivi: "Niangalizie kama kuna simu nyingine imesajiliwa kwenye huduma ya benki ya akaunti yangu, na unitolee taarifa ya akaunti tangu Jumatatu." Wakikuta simu isiyo yako, iondolewe mbele yako. Kwenye taarifa ya akaunti pitia kila mstari, hata wa shilingi mia chache, na usioufahamu uulizie palepale. Kama kuna kilichotoka, omba kuandika lalamiko kwa maandishi na ubaki na nakala yenye muhuri na tarehe. Malalamiko ya mdomo nimeyapokea mengi enzi zangu, na nakiri kwamba mengi yaliishia kwenye kahawa ya saa nne.

Hela yako ya ada. Hapa sitakupaka mafuta. Ulituma mwenyewe, kwa namba yako ya siri, kwenda kwa mtu uliyeonyeshwa jina lake, kwa hiyo mtandao hauwezi kuitazama kama hela iliyopotea njia. Kinachoweza kukuokoa ni kitu kimoja: kama huyo mwanamke bado hajaitoa. Unapiga 100, huduma kwa wateja, unatoa namba ya muamala iliyo kwenye meseji ya kutuma, unaeleza kwamba umetapeliwa, na kama hela bado imelala kwa mpokeaji inaweza kuzuiwa wakati jambo linachunguzwa. Lakini wanaofanya kazi hii huwa na mtu ameshakaa kwa wakala anasubiri mlio wa meseji. Ulituma Jumanne asubuhi. Piga bado, leo, maana laini yenyewe nayo inaweza kufungiwa, ila usipange matumizi ya hiyo hela.

Kisha kituo cha polisi, ukachukue RB. Beba namba iliyopiga, namba iliyopokea, jina lililotokea, saa na kiasi. Jina hilo la mwanamke si kitu kidogo. Huenda ni laini iliyosajiliwa kwa kitambulisho cha mtu asiyejua lolote, huenda ni mwenzao, lakini ndiyo uzi pekee unaoonekana, na mtandao una kumbukumbu ya wakala aliyetolea hela. Polisi wakiomba kwa utaratibu wataupata. Wewe ukiomba kaunta hutaupata, usigombane nao. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inalihusu jambo hili, afisa akikuambia ni ugomvi wa kudaiana, mweleze hivyo kwa upole wa kiualimu.

Meseji aliyokutumia yenye namba ya kulipia iwasilishe pia 15040, namba ya kuripoti meseji za matapeli. Unaituma kama ilivyo kwenda namba hiyo, utajibiwa ukiombwa namba iliyoituma, unaiandika. Haichukui hata dakika tano na haina gharama ya safari.

Halafu jiandae kwa simu ya pili. Ndani ya wiki moja au mbili unaweza kupigiwa na mtu mwingine, mara nyingi sauti ya mwanamke mtu mzima, mwenye huruma. Atasema anatoka kitengo cha kurejesha fedha za wastaafu waliotapeliwa, atakutajia hata kiasi, 38,500 kamili, na tarehe. Utashangaa amejuaje. Amejua kwa sababu ni wao. Atasema fedha yako imepatikana, ila ili irudi kuna gharama ndogo, au kuna namba sita zitaingia. Aliyelipa mara moja anaandikwa kwenye daftari lao kama mteja. Hii ndiyo simu inayowamaliza watu wenye akili zao, kwa kuwa wakati huo wanataka sana kuamini.

Umeniuliza kimoja pembeni, ulipoandika asubuhi: majina matatu na shule amevipata wapi? Nitakujibu kwa karanga. Miezi michache iliyopita nilinunua karanga za kukaanga stendi ya Nyegezi, zikafungwa kwenye karatasi kama kawaida. Nilipozimaliza ndani ya basi nikaikunjua ile karatasi. Ilikuwa nakala ya fomu ya mstaafu: majina, cheki namba, kituo cha kazi cha mwisho, namba ya simu, na chini kabisa namba ya akaunti kwa mwandiko safi wa wino wa bluu. Ofisi iliyoitupa siitaji. Pengine hata si ofisi, ni steshenari iliyotoa nakala moja mbaya ikaiweka pembeni. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, lakini muuza karanga hajaambiwa. Niliichanachana nikaitupa vipande viwili viwili njia nzima hadi Buhongwa, abiria mwenzangu akidhani nimerukwa na akili.

Mlango mwingine ni makundi ya WhatsApp ya wastaafu. Mtu anapiga picha orodha ya wanaotakiwa kuhakikiwa, yenye majina ya watu mia, anairusha kwa nia njema ili wenzake wajione. Orodha hiyo inafika kwa kila mtu. Kwa hiyo mtu kuyajua majina yako yote na shule yako hakuthibitishi kwamba ametoka kwenye mfuko. Kunathibitisha kwamba amesoma karatasi moja. Ndiyo maana alikuuliza tu yale ambayo hayako kwenye karatasi hizo.

Ukienda kutoa nakala za vyeti kwa ajili ya polisi na benki, hesabu nakala zinazotoka kwenye mashine, na ile iliyotoka imefifia uidai uondoke nayo.

Na daftari la hesabu la mjukuu, lile lenye namba za kadi nyuma. Kadi imefungwa, najua, lakini chini ya namba hizo, kwa mkono uleule, si ajabu umeandika na ile namba ya siri ya mashine ili usiisahau; wazee wangu wengi hufanya hivyo, na wengi huendelea na namba ileile kwenye kadi mpya. Kadi mpya ipe namba ya siri mpya. Ukurasa huo uchane leo kabla daftari halijakusanywa kwa mwalimu kusahihishwa.